Pengo Lililokataa Kuziba

Mwankoko, pale Singida, kulikuwa na watu waliokuwa tayari kula kiapo kwamba Yasinta anacheza kamari. Na kwa kweli uwalaumu vipi? Walichokiona ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mwenye kibanda cha uwakala wa pesa za simu, amejiinamia mbele ya simu mbili na kompyuta ndogo iliyovunjika kona. Macho yanakwenda kushoto, yanarudi kulia, yanakwenda tena kushoto, kisha ghafla vidole gumba viwili vinabonyeza kwa pamoja kama mtu anayeua chawa. Mteja akija kutoa elfu kumi, anaambiwa subiri kidogo. Anasubiri, anaguna, anaondoka na hadithi ya kwenda kuwasimulia wenzake.

Yasinta alikuwa hapendi kabisa kuitwa mcheza kamari. Ungemwona anavyofura. Mcheza kamari, alisema, hajui kesho bei itapanda au itashuka, naye anaweka pesa yake hapo akiomba Mungu. Yeye hakuomba chochote juu ya kesho. Kesho haikumhusu. Yeye alifanya biashara ya dakika hii hii, kwa bei mbili zilizokuwa mbele ya macho yake.

Biashara yenyewe ilikuwa hivi. Kwenye mtandao kulikuwa na masoko mawili ya kununulia na kuuzia dola za mtandaoni, zile ambazo kila moja husimama kwa thamani ya dola moja ya Marekani. Soko moja liliitwa Keleti, la pili Sarumo. Bidhaa ilikuwa ile ile, lakini kila soko lilikuwa na watu wake, na watu wawili wasioonana hawawezi kupanga bei kwa pamoja. Kwa hiyo Keleti ungekuta dola inauzwa shilingi elfu mbili na mia sita, na dakika hiyo hiyo Sarumo kuna mtu yuko tayari kuinunua kwa elfu mbili mia sita na kumi na nne. Yasinta ananunua huku, anauza kule. Pengo ni shilingi kumi na nne. Keleti wanakata ada ya kama shilingi mbili na nusu kwa kila dola, Sarumo nao vile vile, zinabaki nane au tisa.

Tisa! Hata pipi siku hizi hupati. Lakini ukipitisha dola elfu moja, tisa zinakuwa elfu tisa, na ukitoa gharama ya kuhamisha pesa kurudisha mizani, unabaki na kitu cha kununulia unga na mafuta. Siku njema pengo lilijitokeza mara tatu, mara nne. Siku mbaya halikutokea kabisa, akakaa anatoa na kuweka pesa za wateja kama wakala mwingine yeyote.

Ujanja wa kwanza wa kazi aliufundishwa na mama yake, na mama yake hajawahi kushika kompyuta maishani. Theodora alikuwa mfanyabiashara wa asali pale Itigi, zama ambazo ndoo za asali zilipanda behewa na kwenda Dodoma. Wenzake walikuwa wananunua asali Itigi, wanasafiri nayo siku nzima na usiku, wakifika Dodoma wanakuta bei imeshuka. Theodora yeye alikuwa na mdogo wake, Jesca, anayekaa Dodoma na ndoo kumi ndani ya nyumba. Bei ikipanda Dodoma, Jesca anauza ndoo zake asubuhi hiyo hiyo, na Theodora ananunua nyingine Itigi asubuhi hiyo hiyo. Garimoshi likija ndipo ndoo zinakwenda kujaza pengo la zile zilizouzwa. Hakuna aliyesafiri na wasiwasi.

Yasinta naye alifanya vivyo hivyo. Aliweka shilingi na dola za mtandaoni Keleti, akaweka shilingi na dola za mtandaoni Sarumo. Pengo likitokea, hakuhitaji kusafirisha kitu. Alibonyeza pande zote mbili kwa mara moja. Baadaye, upande mmoja ukijaa shilingi na mwingine ukijaa dola, alizihamisha taratibu ili mizani irudi sawa.

Na pesa hazikuwa zake. Hapa ndipo ilipokuwa shughuli. Zilikuwa shilingi milioni kumi na nne za kikundi cha wanawake kumi na mmoja wa Mwankoko, walima alizeti, waliodunduliza misimu mitatu ili wanunue mashine yao ya kukamua mafuta. Walikuwa wamechoka kupeleka mbegu kwa watu wenye mashine, wakamuliwe, wapunjwe, na mashudu wanyimwe juu yake. Fundi wa mashine alikuwa amewaambia wasubiri hadi mwezi wa sita, na wakati wanasubiri wakampa Yasinta, binti wanayemfahamu, azizungushe. Faida nusu kwake, nusu kwa kikundi. Sharti lilikuwa moja: mwezi wa sita ukifika, mtaji uwepo.

Mwenyekiti wao alikuwa Kristina, mama wa miaka karibu sitini ambaye Mwankoko nzima ilimwita Mama Lazaro kwa jina la mwanawe wa kwanza. Siku alipomkabidhi Yasinta pesa alimuuliza swali moja tu.

"Kama kuna pengo, kwa nini lisiwe kubwa? Kwa nini shilingi kumi na nne, isiwe mia?"

"Kwa sababu siko peke yangu, Mama Lazaro," Yasinta alimjibu. "Kuna watu Dar, Nairobi, kuna wengine wana mashine zinazobonyeza zenyewe. Pengo likifika ishirini tu, wote tunalirukia. Tunanunua kule kwenye rahisi, tukinunua bei inapanda. Tunauza kule kwenye ghali, tukiuza bei inashuka. Tunalila pengo wenyewe mpaka linabaki la ada na nauli. Mara nyingine namuona mtu amenitangulia, nabonyeza nakuta patupu."

Mama Lazaro alitikisa kichwa. "Basi nyie ndio mnaojiharibia."

"Ndiyo. Ndiyo kazi yenyewe."

Sasa sikiliza kosa lilikoingilia, maana kosa lilikuwepo na Yasinta mwenyewe hajawahi kulikataa.

Kuhamisha dola za mtandaoni kutoka soko hadi soko kulimgharimu dola moja, awe amehamisha mia au elfu tatu. Lakini kutoa shilingi kutoka sokoni kuja kwenye simu, ili aziingize soko la pili, kulikuwa na makato yanayopanda kwa viwango, na yeye, wakala, aliyajua makato hayo kuliko anavyoijua Baba Yetu. Yalimuuma. Kwa hiyo alijizoesha kutoa shilingi mara moja tu kwa wiki, Jumatatu, kwa mkupuo. Wakala yeyote wa Singida angefanya hivyo hivyo. Ni ugonjwa wa watu wanaoishi kwa makato: unaokoa elfu nane, unasahau milioni.

Wiki ile ya mwisho wa mwezi wa tano, Jumanne, pengo lilikuwa shilingi ishirini na tano. Sarumo ndio waliokuwa ghali. Yasinta akauza. Baada ya saa moja likarudi, sasa thelathini. Akauza tena, moyo wake ukicheka. Jumatano likawa arobaini, akahamisha dola zake zote kutoka Keleti kwenda Sarumo, akauza zote. Faida ya siku mbili ilishinda faida ya wiki tatu. Alinunua kilo mbili za nyama, akampigia mama yake simu Itigi kumwambia mambo si mabaya.

Alhamisi asubuhi aliwasha kompyuta. Keleti, dola ilikuwa elfu mbili mia sita na tano. Sarumo, elfu mbili mia saba na ishirini.

Shilingi mia moja na kumi na tano!

"Sista! Umeona?" Naftali alikuwa ameshafika mlangoni, hata salamu ameisahau. Alikuwa fundi simu na umeme mwenye kibanda ukuta kwa ukuta na cha Yasinta, kijana mchangamfu mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Biashara hii alijifunza kwa kuchungulia. "Nina dola elfu mbili kule Keleti, zote zangu. Nazihamisha sasa hivi Sarumo. Robo saa zimefika, nauza. Karibu laki mbili na nusu, bila jasho!"

Yasinta naye mkono ulimwasha. Alikuwa na shilingi milioni mbili na laki sita Keleti. Angeweza kununua dola elfu moja pale pale, azipeleke. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Halafu akajikuta anakumbuka kitu, na kile kitu kilimshusha mkono kama mtu aliyeshikwa kiwiko.

Alikumbuka mwaka aliokuwa darasa la tano. Asali Dodoma ilipanda bei maradufu, na Itigi ilikuwa bei ile ile ya kila siku. Wanawake wote wa sokoni wakakimbilia kununua ndoo. Siku ya kwanza pengo likabaki. Ya pili likabaki. Mama yake alikaa na pesa yake kwenye kanga, hakununua hata lita. Akamtuma Yasinta stesheni. "Usiulize bei," alimwambia. "Waulize garimoshi liko wapi." Yasinta akarudi na jibu kwamba reli imesombwa na maji, hakuna behewa linalopita hadi watakapoijenga. Asali ilikuwa ghali Dodoma kwa sababu haifiki Dodoma. Wale wanawake wengine wakakaa na ndoo zao wiki sita, wengine wakauza kwa bei ya kutupa.

Pengo la mia na kumi na tano, na hakuna anayelila. Wale wenye mashine zinazobonyeza zenyewe wako wapi? Wamelala? Wameshiba?

"Naftali," alisema, "mara ya mwisho umetoa lini shilingi Sarumo?"

"Kutoa? Sijawahi. Ndiyo naanza leo."

Yasinta aliagiza kutoa shilingi laki tano kutoka Sarumo kuja kwenye simu yake. Kawaida zilichukua dakika mbili. Akasubiri dakika tano, kumi, ishirini. Kwenye kioo kukaandikwa kwamba ombi lake linashughulikiwa. Akafungua ukurasa wa matangazo wa soko lile, akakuta sentensi moja imewekwa tangu Jumatatu jioni: mfumo wa malipo ya simu unaboreshwa, wateja wawe na subira. Tangu Jumatatu! Na yeye siku mbili nzima alikuwa anauza huku anacheka.

Mara moja akaelewa kila kitu, na kuelewa kwenyewe kulimtia hofu kuliko kutoelewa. Shilingi zilikuwa hazitoki Sarumo. Wenye shilingi mle ndani walikuwa wanatafuta mlango mwingine wa kutokea, na mlango uliobaki ulikuwa mmoja: ununue dola za mtandaoni, uzitoe hizo. Ndiyo maana walizinunua kwa bei yoyote. Hawakuwa wanunuzi wenye tamaa, walikuwa watu wanaokimbia. Na yeye Yasinta, siku mbili, ndiye aliyekuwa anawauzia njia ya kutokea, na kupokea shilingi zao zilizokwama. Alikuwa na shilingi milioni kumi na moja na laki nne mle ndani. Milioni kumi na moja na laki nne za alizeti.

Alimwambia Naftali hayo yote. Alimwambia taratibu, kwa heshima, na mara ya pili kwa ukali.

"Wanaboresha mfumo, sista. Imeandikwa," Naftali alisema. "Wakimaliza, mimi nitakuwa nimeshauza ghali. Wewe woga wako ndio utakaokufanya ubaki hapo ulipo." Akarudi kibandani kwake, naye akazihamisha dola zake elfu mbili kwenda Sarumo.

Yasinta alifunga kibanda, jambo ambalo hakuwahi kufanya saa nne ya asubuhi, akaenda kumtafuta Mama Lazaro. Alimkuta shambani kwake, si mbali, yeye na wenzake wawili wanapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo juu ya turubai. Akamsalimu.

"Shikamoo, Mama Lazaro."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso huo?"

Alieleza. Alisema kosa lake kwanza, kwamba ameziacha shilingi zirundikane kwa kuogopa makato, na kwamba ameuza siku mbili bila kuuliza kwa nini. Hakulipamba. Akamtaja na Naftali, anayepeleka dola zake huko huko akauze. Kisha akasema anachotaka kufanya: kununua dola Sarumo kwa bei ile ile ghali, kuzitoa mlango ukiwa bado wazi, na kuziuza Keleti kwa bei rahisi.

Mama Lazaro aliweka fimbo chini. "Ngoja nikuelewe. Unanunua kwenye ghali, unauza kwenye rahisi?"

"Ndiyo."

"Kinyume cha ulichotuambia."

"Ndiyo, mama."

"Na hasara?"

"Laki sita. Pengine saba. Nikichelewa, zaidi, kwa sababu kila ninachonunua kinapandisha bei, na si mimi peke yangu ninayekimbia."

"Wewe Yasinta!" Sauti ya mama yule ilipanda mpaka wenzake wakaacha kupiga. "Hasara ya laki saba unaichagua kwa mikono yako mwenyewe, na jirani yako anapata faida hapo hapo? Nitawaambia nini wale wengine?"

Yasinta alihisi machozi, akayakataa. Hakuwa amekuja kulia. Akaokota kichwa kimoja cha alizeti kutoka kwenye turubai.

"Chukulia kuna tajiri amekuja mjini, anasema ananunua gunia kwa laki na ishirini wakati kila mtu ananunua kwa laki. Ila hakulipi noti. Anakuandikia karatasi inayonunua kitu dukani kwake tu. Ungempelekea?"

"Kama duka lina vitu, ndiyo."

"Duka limefungwa tangu Jumatatu. Dirisha dogo la nyuma ndilo liko wazi, na kila mwenye karatasi yuko pale anasukumana. Mimi nina karatasi za milioni kumi na moja. Hiyo faida ya Naftali ni karatasi, mama. Pengo kubwa namna hii haliachwi na watu wenye akili. Likiachwa, ujue kuna njia imekatika."

Mama Lazaro aliyajua hayo. Alikuwa mwanamke aliyepunjwa na wanunuzi wa kila aina, na karatasi aliwahi kupewa. Akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Twende," alisema. "Nataka nikae hapo nione. Kama ni hasara, nitakuwa nimeiona ikizaliwa."

Waliporudi kibandani, Sarumo ilikuwa imefika elfu mbili mia saba na thelathini. Yasinta alilifuta ombi lake la laki tano, akaanza na dola ishirini tu. Alinunua, akaziagiza ziende Keleti, akashika saa. Mama Lazaro aliketi kwenye kigoda, mikono magotini, anakitazama kioo asichokisoma. Dakika ya tatu, hakuna kitu. Ya saba, hakuna. Ya kumi na moja simu ikalia, na dola ishirini zikawa Keleti.

"Dirisha liko wazi," Yasinta alisema.

Kisha akaanza kazi. Hakununua zote kwa mara moja, maana orodha ya wauzaji ilikuwa nyembamba: mmoja anauza dola mia tatu kwa bei hii, mwingine mia mbili kwa bei iliyo juu yake, na ukiwameza wote kwa pupa unajikuta umefika bei ya kichaa. Alinunua dola mia nne, akazitoa. Akangoja wauzaji wapya wajitokeze, akanunua mia tano, akazitoa. Kila zilipofika Keleti aliziuza palepale kwa elfu mbili mia sita au chini yake kidogo, na kila alipouza alisema kwa sauti amepoteza kiasi gani, kwa sababu mwenyekiti alikuwa pale na alistahili kusikia. "Elfu hamsini na nane." "Elfu sabini na tano." Kila namba ilimchoma. Aliichukia kila moja, na hakuacha.

Katikati ya shughuli walisikia Naftali akipiga kelele ya furaha upande wa pili wa ukuta. Alikuwa amezishikilia akingoja bei ipande; sasa ameuza zote, dola elfu mbili, kwa elfu mbili mia saba sitini na tano. Yasinta akatazama orodha ya Sarumo, akaona kwamba dola mia sita alizonunua dakika ile ile, kwa bei ile ile, lazima zimetoka kwa jirani yake. Aliinuka, akaenda kusimama mlangoni kwa Naftali.

"Nyingine umeniuzia mimi," alisema. "Nunua tena, Naftali. Sasa hivi. Utapoteza elfu kumi tu za ada, utoke."

"Ninunue nilichouza nusu dakika iliyopita? Sista, we umechanganyikiwa," Naftali alisema kwa huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyomuuma Yasinta kuliko matusi.

Akarudi kwenye kiti chake. Saa nane za mchana aliagiza fungu la mwisho, dola mia saba na ishirini. Dakika kumi na moja zikapita. Ishirini zikapita. Mama Lazaro alikuwa ameanza kuimba kitu cha kanisani chini kwa chini. Dakika ya arobaini na sita simu ikalia. Yasinta aliuza, akafumba macho, akapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Hasara ilikuwa shilingi laki sita na elfu sabini. Zilizobaki, pamoja na zile zilizokuwa Keleti tangu mwanzo, zilikuwa milioni kumi na tatu, laki tatu na elfu thelathini. Alizitoa zote, siku ile ile, na makato akalipa bila kuyatazama.

Ijumaa asubuhi Sarumo walitangaza kwamba na dola za mtandaoni nazo hazitoki, hadi hapo watakapotoa taarifa nyingine.

Jumamosi Yasinta alisimama mbele ya wanawake kumi na mmoja, akawaeleza mambo yote mwanzo hadi mwisho, na akasema nusu yake ya faida ya miezi mitatu, laki nne na ushee, anairudisha kikundini. Kuna waliokasirika. Flora, ambaye mwanawe alikuwa ametolewa shule kwa ajili ya kudunduliza huko, alisema maneno makali, na Yasinta aliyapokea kwa sababu yalikuwa ya haki. Mama Lazaro alisubiri wamalize. Kisha akasema alikuwepo, na kwamba ameona msichana akijichoma mkono kwa kujua ili nyumba isiungue, na mwenye neno lingine aje amwambie yeye.

Mashine ililetwa mwezi wa sita, tarehe kumi na mbili. Pesa ilitosha mashine na usafiri na kufunga. Haikutosha mtambo wa kuchujia. Wangechuja mafuta kwa vitambaa msimu mmoja, wakinung'unika, hadi wakusanye tena.

Aliyekuja kuifunga umeme alikuwa Naftali. Alikuwa amekonda. Alifanya kazi vizuri, kama kawaida yake, bila utani, na hakumtazama Yasinta. Mashine ilipowashwa na mbegu za kwanza zikamiminwa, wanawake walipiga vigelegele, na mafuta yakaanza kudondoka, mazito, ya rangi ya chai kali. Mama Lazaro alijaza chupa ya lita moja na nusu, akamfuata fundi.

"Malipo yako Jumatatu," alimwambia. "Hii ni ya mboga."

Naftali aliipokea kwa mikono miwili, akainama kidogo. Halafu, labda kwa sababu hakuna aliyemcheka, akatoa simu mfukoni, akaifungua, akamwonyesha Yasinta. Ukurasa wa Sarumo ulikuwa bado unafunguka, ingawa pesa bado hazitoki. Jina lake lilikuwepo. Shilingi zake milioni tano na nusu zilikuwepo, na chini yake, kwa maandishi ya kijani, pale wanapokuandikia ulivyofanya vizuri: faida, shilingi laki tatu na elfu ishirini.

"Naiangalia kila asubuhi," alisema. "Haijapungua hata senti."

Yasinta alimshika bega, wakasimama hivyo wawili, chupa ya mafuta ikiwapaka vidole, mpaka mwanga wa simu ukazimika wenyewe.